Wadhamini wawili badala ya watatu: namna ya kumweleza afisa ajira ukweli

*Nina miaka minane kazini, yote katika maghala, na nimeajiriwa sehemu mbili tu. Ya kwanza, nilikokaa miaka mitatu, ilifungwa, na aliyekuwa msimamizi wangu amefariki. Ya pili ndiyo niliyopo sasa, na bosi hajui kwamba natafuta kazi kwingine. Afisa ajira amenitaka nimtumie majina ya wadhamini watatu kabla ya Ijumaa. Ninao wawili: mhasibu niliyefanya naye kazi kule kwa kwanza, na meneja aliyenisimamia hapa kabla hajahama mwaka jana. Rafiki yangu yuko tayari kujitambulisha kama msimamizi wangu wa zamani. Nimwandike? Na kama ni kusema ukweli, nausemaje?*

Ndugu yangu, rafiki yako usimwandike. Mwandikie afisa leo, usisubiri Ijumaa, umwambie kwamba unao wadhamini wawili, ueleze kwa nini ni wawili, na umwonyeshe ni sehemu gani ya kazi yako kila mmoja anaweza kuisemea. Mimi hukaa upande wa pili wa meza, upande wa anayezipokea orodha hizo na kupiga simu, na kwa jinsi ulivyojieleza naona kwamba majina uliyonayo ni mazuri. Kilichopungua ni maelezo ya kuyasindikiza.

Ili ujue uandike nini, ni vizuri kwanza ufahamu afisa anatafuta nini kwa wadhamini. Anatafuta mambo mawili yaliyo tofauti. La kwanza ni kuthibitisha yaliyomo kwenye wasifu wako: ulifanya kazi pale kweli, kuanzia lini hadi lini, kwa cheo gani, na uliondoka kwa sababu gani. La pili ni kusikia kutoka kwa mtu aliyekuona kwa macho yake jinsi unavyofanya kazi: unavyofika kazini, unavyotunza hesabu za mali, unavyoongea na walio chini yako, na kama angekubali kukuajiri tena. Swali hilo la mwisho tunaliuliza karibu kila mara, na mara nyingi namna mtu anavyolijibu inatueleza zaidi kuliko maneno yenyewe. Jambo la kwanza linaweza kuthibitishwa kwa karatasi. Jambo la pili linahitaji mtu.

Idadi ya watatu, kwa sehemu kubwa, ni tahadhari. Mmoja huwa hapatikani kwa simu, mwingine hufanya kazi mahali ambapo utaratibu hauruhusu kusema zaidi ya tarehe na cheo, kwa hiyo tunaomba watatu ili angalau mmoja au wawili wazungumze kwa kina. Orodha ikija na pungufu bila neno lolote, afisa hujiuliza maswali mawili: je, kuna mtu anayekwepwa, na je, ni kipindi gani cha kazi kitakachobaki bila wa kukisemea? Maelezo yako yanatakiwa kuyajibu maswali hayo mawili, na yakishayajibu hayahitaji kurefushwa.

Chukua karatasi uandike miaka yako minane kwa mfululizo, kisha mbele ya kila kipindi uandike nani alikuwa anaiona kazi yako na aliionaje. Kwa hesabu zako, miaka mitatu ya kwanza anaijua mhasibu, lakini anaijua kwa pembeni. Bila shaka alikuwa akipokea ripoti zako za mali iliyoingia na iliyotoka, na huenda mlikutana kila mwisho wa mwezi mkilinganisha hesabu ya ghalani na iliyo kwenye vitabu. Anaweza kusema kama hesabu zako zilikuwa zinakubaliana, kama ulileta ripoti kwa wakati, na kama uliporipoti upungufu uliusema mwenyewe au ulisubiri uonekane. Kwa mtu wa ghala, huo ni ushahidi mzito. Asichoweza kusema ni jinsi ulivyoongoza zamu au ulivyopokea maelekezo, kwa sababu hakukusimamia.

Meneja aliyehama ndiye mdhamini wako mkuu. Alikusimamia moja kwa moja, tena katika kazi unayoifanya hadi leo, na kwa kuwa ameshaondoka anaweza kuzungumza bila bosi wako wa sasa kujua. Waombaji wengi waliomo kazini hulalamika kwamba hawana wa kuwasemea katika ajira ya sasa, kumbe yupo msimamizi aliyehamia kwingine ambaye hawakumfikiria. Wewe umemfikiria, na hilo lisemwe wazi kwenye barua yako. Kinachobaki wazi, basi, ni muda uliopita tangu meneja huyo aondoke, pamoja na jicho la msimamizi kwa ile miaka mitatu ya mwanzo. Mapengo ni hayo mawili tu, na kila moja lina namna yake ya kushughulikiwa.

Pengo la miaka ya mwanzo linapunguzwa kwa nyaraka. Tafuta barua ya kuajiriwa, hati za mshahara hata kama ni chache, taarifa ya michango yako ya hifadhi ya jamii inayoonyesha jina la mwajiri na miezi aliyochangia, na barua ya kusitishiwa ajira inayotaja kwamba biashara ilifungwa. Hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee, maana inajibu swali la kwa nini uliondoka bila kuhitaji mtu wa kulithibitisha. Lakini usiandike kwamba nyaraka hizo ni mdhamini wako wa tatu. Zinathibitisha kwamba ulikuwapo. Hazisemi ulifanyaje kazi, na afisa anaijua tofauti hiyo. Ukiziita kwa jina lake halisi, yaani uthibitisho wa kipindi cha ajira, atazipokea kwa moyo mweupe.

Pengo la muda wa sasa linashughulikiwa kwa kuahirisha. Mwambie afisa kwamba msimamizi wako wa sasa bado hajui unatafuta kazi, na kwamba uko tayari aulizwe mara baada ya wewe kupewa barua ya ajira yenye masharti, yaani ile inayosema kwamba nafasi ni yako mradi uhakiki ukamilike vizuri. Ombi la namna hii ni la kawaida sana na hakuna afisa mwenye uzoefu atakayelishangaa. Angalia mambo mawili tu. Kwanza, usiweke namba ya simu ya bosi kwenye orodha ukaongeza kimaandishi kidogo kwamba asipigiwe kwanza. Orodha hupita mikononi mwa watu kadhaa, na anayepiga simu anaweza kuwa si yule aliyesoma maelezo yako. Iache namba hiyo hadi wakati wake. Pili, barua hiyo ikija, usiache kazi uliyonayo. Subiri hadi uambiwe kwa maandishi kwamba uhakiki umekamilika na masharti yameondolewa, kwa sababu bosi anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba unaondoka anaweza kukawia kujibu, au akajibu kwa ufupi usiokupendeza, na wewe utakuwa katikati bila kazi yoyote.

Sasa nirudi kwa rafiki yako, maana nataka uone kwa nini mpango huo ungekuangusha hata kama naye ni hodari wa kuongea. Tunapopewa mdhamini anayesemekana kuwa msimamizi katika kampuni iliyokwisha kufungwa, hatuna simu ya ofisi ya kumthibitishia, kwa hiyo tunategemea kulinganisha majibu. Ningempigia rafiki yako nikamuuliza mlikuwa wangapi katika zamu, nani alikuwa akiidhinisha hesabu ya mwisho wa mwezi, mzigo ukija umeharibika mlifanyaje. Halafu ningempigia mhasibu wako, mtu mkweli ambaye hajui lolote kuhusu mpango wenu, nikamuuliza kama jambo dogo tu: msimamizi wa ghala wakati ule alikuwa nani? Angenitajia marehemu. Hapo yule mdhamini wako wa kweli ndiye angekuwa amekufichua, bila kukusudia, na kuanzia dakika hiyo hata mema aliyokusemea yasingekuwa na thamani tena. Fomu nyingi za maombi zina tamko chini yake, unaloliwekea sahihi, kwamba yote uliyoyaandika ni kweli. Tamko hilo ndilo linalotumika kufuta nafasi uliyopewa, na linaweza kutumika kukuondoa kazini hata baada ya kuwa umeshaajiriwa.

Kuhusu njia ya kufikisha ujumbe, mimi napendelea barua pepe, kwa sababu afisa anaweza kuiweka kwenye faili lako na kumwonyesha anayemwongoza bila kulazimika kukumbuka ulisema nini. Kama mmeshazoeana kwa simu, mpigie kwa dakika mbili umjulishe kwamba inakuja, kisha uitume siku hiyo hiyo. Nimekuandikia mfano kwa kufuata hali yako, ubadilishe unapohitaji:

> Ndugu Afisa Ajira,
>
> Umeniomba majina ya wadhamini watatu. Ninaweza kukupa wawili sasa, na wa tatu baada ya barua ya ajira yenye masharti, endapo nitafikia hatua hiyo.
>
> Wa kwanza ni meneja aliyenisimamia moja kwa moja katika kazi yangu ya sasa hadi alipohama mwaka jana. Wa pili ni mhasibu wa mwajiri wangu wa kwanza. Hakuwa msimamizi wangu, ila kwa miaka mitatu ndiye aliyepokea ripoti zangu za ghala na kuzihakiki. Wote wawili wamekubali kupigiwa simu, na mawasiliano yao nimeyaambatisha.
>
> Aliyekuwa msimamizi wangu kwa mwajiri wa kwanza amefariki, na kampuni yenyewe imefungwa. Ili kuthibitisha kipindi hicho naambatisha barua ya kuajiriwa, barua ya kusitishiwa ajira na taarifa ya michango yangu ya hifadhi ya jamii.
>
> Msimamizi wangu wa sasa hajui kwamba nimeomba nafasi hii. Nitakupa mawasiliano yake mara nitakapopokea barua yenye masharti, na naomba asiulizwe kabla ya hapo.
>
> Je, mpangilio huu unakidhi utaratibu wenu? Kama kuna kipindi au jambo mahususi ambalo mngependa lisemewe na mtu mwingine, naomba unijulishe ili nitafute anayefaa.
>
> Wako,

Utaona kwamba idadi imetajwa katika aya ya kwanza kabisa. Afisa asilazimike kusoma hadi chini ndipo agundue mwenyewe kwamba wamepungua, maana akigundua mwenyewe huhisi kwamba ulitaka kumpitishia. Sababu nazo zimepewa sentensi moja moja. Msiba ni msiba, na kama ulimpenda marehemu ni haki yako kumkumbuka, lakini ukiueleza kwa aya nzima unamweka afisa mahali ambapo hajui akupe pole au aendelee na kazi yake. Kadhalika sikuweka maneno ya kuomba radhi, kwa kuwa hakuna ulilokosa. Mtu aliyeajiriwa sehemu mbili katika miaka minane ana wasimamizi wachache kwa sababu ametulia kazini, na hilo kwa mwajiri ni sifa. Sentensi inayosema mhasibu hakuwa msimamizi wako usiiondoe hata ukishawishika kuiondoa. Afisa akiisikia kutoka kwako ni taarifa, akiisikia kwanza kutoka kwa mhasibu ni dosari.

Swali lililo mwishoni lipo kwa makusudi. Linampa afisa nafasi ya kukuambia hasa anachokihitaji, na jibu lake linaweza kuja kwa sura kadhaa. Wengi watakubali, hasa wakiona kwamba kipindi cha karibuni kimefunikwa na mtu aliyekusimamia. Wengine watasisitiza watatu. Hapo usirudi kwa rafiki yako. Muulize huyo wa tatu anatakiwa kusemea nini. Akisema anataka mtu mwingine yeyote aliyekuona kazini, unaweza kumpa karani wa upande wa mteja aliyekuwa akipokea mizigo kutoka ghala lako, au aliyekuwa kiongozi wa zamu katika kampuni iliyofungwa, mradi uandike uhusiano wenu kama ulivyokuwa. Akisema anataka mtu wa kusemea tabia kwa ujumla, basi mwalimu au kiongozi wa jumuiya anayekufahamu kwa miaka mingi atafaa, lakini asiwe ndugu wa damu, na asiandikwe kana kwamba anaijua kazi yako.

Zipo pia nafasi ambazo afisa hana uwezo wa kulegeza idadi, kwa sababu sharti limetoka juu yake. Kazi za kukaa na watoto, za ulinzi na za kushika fedha za watu mara nyingi huwa na utaratibu unaodai kila mwaka wa kipindi fulani uthibitishwe. Katika nafasi hizo bado kusema mapema kunakusaidia, kwa kuwa sharti linalodai kipindi kithibitishwe mara nyingi huruhusu njia ya nyaraka, na nyaraka huchukua muda kukusanywa. Kama hata njia hiyo haipo, utaambiwa, na utakuwa umeokoa wiki za kusubiri.

Ukikuta fomu ya mtandaoni inayokataa kusonga mbele bila kujaza nafasi ya tatu, usirudie jina moja mara mbili wala usijaze nukta. Majina ya kujazia tu hunaswa mapema, kwa sababu mifumo mingi hutuma barua pepe yenyewe kwa kila anwani iliyoandikwa. Mwandikie afisa akufungulie, au akuambie mahali hapo paandikwe nini. Na kama kuna kisanduku cha maelezo, weka humo aya fupi inayosema yaliyomo kwenye barua niliyokuandikia.

Kabla hujatuma chochote, zungumza na wadhamini wako wote wawili, kwani wakiwa wachache kila mmoja hubeba zaidi. Waambie wazi kwamba wako wawili tu, hivyo simu inaweza kuwa ndefu na maswali yakawa ya undani. Watumie tangazo la kazi pamoja na tarehe zako za ajira, maana watu husahau miaka, na tarehe zisizolingana na wasifu huleta usumbufu usio wa lazima. Hakikisha namba zao bado zinapatikana. Muulize kila mmoja kama ataweza kukusemea kwa undani na bila wasiwasi, kisha umsikilize vizuri. Anayeitikia mara moja na kuanza kukumbuka kazi mlizofanya atakufaa. Anayesema "sawa tu, waambie wapige" kisha akabadili mada, afadhali umfahamu leo kuliko afisa amfahamu kesho.

Kwa meneja kuna nyongeza mbili. Mwambie kwamba bosi wako wa sasa hajui, na umwombe asilitaje jambo hili kwa wenzake wa zamani. Bado ana marafiki pale, na habari za namna hii hutoka kwa nia njema kabisa. Kisha muulize kama kuna utaratibu wowote unaomzuia kumsemea aliyekuwa mfanyakazi wake. Akisema hawezi kuzungumza kwa niaba ya kampuni, anaweza mara nyingi kuzungumza kwa nafsi yake kama mtu aliyewahi kukusimamia, na ni vyema afisa alijue hilo mapema. Mhasibu naye mwambie asijione analazimika kujibu asichokiona. Akiulizwa kuhusu uongozi wako wa zamu, jibu la "hilo sikuliona, ila hesabu zake nazijua" linaongeza uzito wa kila kitu kingine atakachokisema.

Na ikitokea kwamba mmoja wao anakataa, ukabaki na mmoja tu, barua ni ile ile kwa mpangilio ule ule, lakini afisa atahitaji kitu zaidi cha kushika. Akibaki meneja, bado una msimamo mzuri: ongeza ripoti ya tathmini yako ya utendaji ya mwaka ambao alikusimamia, ikiwa una nakala yako mwenyewe na haina siri za kampuni, na umweleze afisa kwamba meneja yuko tayari kwa mazungumzo marefu. Akibaki mhasibu peke yake, sema waziwazi kwamba kwa sasa hakuna msimamizi anayeweza kuulizwa, na upendekeze kwamba nafasi yako itegemee jibu la bosi wa sasa baada ya barua yenye masharti, au kwamba upewe kazi ya majaribio ya siku moja ghalani ili wakuone wenyewe. Kwa kazi yako hilo linawezekana kwa urahisi kuliko kwa kazi nyingi: mpe mtu rafu moja, orodha ya mali na kalamu, na baada ya saa mbili utajua kama anaweza kuhesabu.